"She not come": hajaja, hakuja au haji?

Wauza mchele wa Mwanjelwa wanaandika Kiingereza kingi kuliko wanafunzi wengi wa kidato cha nne niliowahi kuwafundisha. Sababu ni mpaka. Mchele wa Kyela na wa Mbarali unapanda hadi Tunduma, unavuka Nakonde, na kutoka hapo unaendelea Kasama, Lusaka na kwingineko. Watu wengi wa Nakonde Kiswahili wanakijua, mkikutana uso kwa uso mnamalizana bila taabu. Mteja wa Lusaka hakijui, na hata huyu wa Nakonde mara nyingi akishika simu kuandika habari za bei na magunia, vidole vinakwenda kwenye Kiingereza. Muuzaji naye inabidi ajibu kwa hichohicho.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari hapa Mbeya, na binti wa kaka yangu ana kibanda cha mchele sokoni. Kwa hiyo meseji hizi naziona nyingi. Jioni akifunga kibanda hupita nyumbani, shikamoo shangazi, marahaba, halafu simu inatoka: "Hebu soma hapa, nimeandika sawa?" Tahajia yake nzuri. Maneno anayo ya kutosha. Kinachomwangusha, na wenzake wote pale sokoni, ni sentensi za kukataa na za kuuliza. "I not like it." "She not come." "You want how many bags?" Simu haimsaidii, kwa sababu kila neno peke yake limeandikwa sawasawa, na kinanda kinachokagua tahajia hakina cha kulalamikia.

Ukimwambia, jibu liko tayari: ataelewa tu. Kwa "I not like it" nakubaliana naye. Mteja kamtumia picha ya viroba vipya vyenye maandishi mekundu, yeye kajibu hivyo, ujumbe umefika. Ni Kiingereza kibovu lakini hakuna aliyepoteza hela. Kwa "She not come" sikubali, na nitaeleza kwa nini. Tuanze kwanza na kosa linapotoka.

Tunaposema "sipendi", kukataa kumo ndani ya kitenzi. Hiyo "si-" ya mwanzo imebeba mambo mawili kwa pamoja, mimi na kutokufanya, na irabu ya mwisho nayo imegeuka kutoka "a" kuwa "i". Neno moja limemaliza kazi. Halafu tunalo "si" lingine linalosimama peke yake: mimi si dalali, huyu si mteja wangu. Mtoto wa darasa la tano akifundishwa "I am not a teacher" analinganisha haraka, "not" ndiyo "si" yetu. Basi akitaka kusema sipendi, anaivunja: mimi, si, penda. "I not like." Ni hesabu safi kabisa. Kosa ni kwamba Kiingereza hakikubali "not" isimame mbele ya kitenzi cha kawaida bila kitu cha kuishikilia.

Fikiria "not" kama abiria asiyeweza kutembea kwa miguu, lazima apakiwe. Sentensi nyingine zina pikipiki yake nyumbani, nyingine hazina, na zisizo nayo lazima zikodi bodaboda. Hiyo bodaboda ya kukodi ndiyo "do". Yenyewe haina maana yoyote. Katika "I don't like it" hakuna mtu anayefanya kitu. "Do" imekuja kubeba "not" tu, na ikishabeba "not" inabeba pia wakati na nafsi. Zenye pikipiki zake ni zile zenye "am", "is", "are", "was", "were", na zile zenye "can", "could", "will", "would", "must", "should", "may", "might". Hizi "not" inapanda moja kwa moja: "I am not ready", "I can't come", "it will not rain". Mwenye yake hakodi. Ndiyo maana "I don't can" ni kosa, na "she doesn't is here" ni kosa vilevile.

Hapo kuna mahali pawili panapoteleza. La kwanza ni "have". Ikiwa inasaidia kitenzi kingine, kama "she has paid", hiyo ni pikipiki halali: "she hasn't paid". Ikiwa yenyewe ndiyo kitenzi, kwa maana ya kuwa na kitu, siku hizi inakodi kama vitenzi vingine: "I don't have change". La pili ni watu kudhani kila sentensi inayoanza na "I" inastahili "am", hivyo wanaandika "I'm not agree" na "I'm not understand". "Agree" na "understand" ni vitenzi kamili, havina pikipiki: "I don't agree", "I don't understand". Kosa hili nalisikia zaidi kwa waliosoma kidogo kuliko kwa wasiosoma kabisa, maana aliyesoma kidogo ameshaambiwa kwamba kitu fulani kinakosekana, ila ameweka kisichohusika.

Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu mwanzo. Wazee wanaosoma Biblia ya King James, iliyochapwa 1611, wamezoea "fear not" na "they know not what they do". Hata maswali mle yanageuza kitenzi chenyewe: Yesu anamwuliza Simoni "lovest thou me", bila "do" yoyote. Wakati huo mitindo yote miwili ilikuwa inatumika, wa zamani na wa "do", na huu wa "do" ulikuwa umeshaanza kuenea tangu karne zilizotangulia. Baadaye ukashinda. Kwa hiyo mzee wa kanisa akikuandikia "I know not", usimcheke, ana ushahidi. Ila hata yeye angalia "not" yake ilipokaa: iko nyuma ya kitenzi. "I not know" haimo hata kwenye Biblia hiyo.

Sasa "She not come".

Binti yangu alikuwa amepakia magunia ya mchele kwenye lori hadi Tunduma, na yeye mwenyewe kaenda na mzigo. Mteja wake, mama mmoja wa Nakonde, alikuwa amesema mdogo wake wa kike atavuka kuja kupokea mzigo na kukodi gari la kuuvusha. Saa nne asubuhi mama akauliza kwa WhatsApp: "Is my sister there?" Binti akajibu: "She not come". Alichokuwa nacho kichwani ni hajafika, bado, tunamsubiri. Mama alichosoma ni kwamba mdogo wake haji. Akampigia kijana mwingine, akampa nauli, akamwambia akodi kigari avuke haraka. Mdogo mtu naye alikuwa njiani, amekwama kwenye foleni ya mpaka, simu imezima chaji. Wakafika wote wawili, kila mmoja na gari lake la kukodi, na madereva wote wawili wanadai chao. Nauli ya gari la pili walikatana nusu kwa nusu, baada ya maneno mengi.

Aliponisimulia alikuwa anataka kujua kosa liko wapi, maana kwake ile sentensi ilikuwa inasema kitu kimoja tu. Nikamwambia aandike kwenye karatasi kwa Kiswahili, kila namna ambavyo "she not come" ingeweza kusomwa. Akaandika: hajaja. Hakuja. Haji. Hatakuja. Halafu akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe mimi nimemtumia zote nne."

Ndivyo ilivyo. Kiswahili hakituruhusu kukataa bila kutaja wakati. Huwezi kukanusha "kuja" bila kuchagua "-ja-" au "-ku-" au "-ta-" au ile "i" ya mwisho, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anapokataa huwa ameshaamua wakati, hata kama hajui kwamba ameamua. Akiandika "she not come" anakuwa ameutupa uamuzi wake njiani. Na mteja hawezi kuuokota, kwa sababu kwa Kiingereza wakati huo ulitakiwa ukae kwenye kile kibebeo cha "not", na kibebeo hakipo.

Kwa hiyo dawa ninayompa si kanuni ya "do". Ni kuirudisha sentensi kwenye Kiswahili na kutazama kiambishi. Kama ni "haja-", kama hajaja au hajalipa, Kiingereza hakihitaji "do" kabisa. Kinahitaji "hasn't" au "haven't" na kitenzi katika umbo lake la tatu: "She hasn't come yet". Ile "yet" ni ile "bado" yetu, na kwenye biashara usiiache, kwa sababu ndiyo inayomwambia mteja aendelee kusubiri. Kama ni "haku-", jambo limepita na limefungwa: "She didn't come". Kama ni "hata-": "She won't come". Kama ni "haji" tu, hapo inabidi ujiulize mara moja zaidi. Haji leo, kwa mpango uliopo, ni "She isn't coming". Haji siku za Jumapili, ndiyo kawaida yake, ni "She doesn't come on Sundays". Kiswahili chetu kimeweka hizi mbili kwenye neno moja, Kiingereza kimezitenga.

Ajabu ni kwamba binti, kabla hajaja kwangu, alikuwa ameshajaribu kuisahihisha mwenyewe. Alikuwa anakumbuka kitu fulani cha "did" kutoka shuleni, akaandika "She didn't come". Kisarufi hiyo imenyooka, ningempa alama zote kwenye mtihani. Lakini kwa mama wa Nakonde ingekuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. "She didn't come" ni hakuja: tulimngoja, muda wa kuja umekwisha, hakutokea. Mama angetuma gari la pili bila hata kuuliza. Ndiyo maana siwapendi sana wale wanaofundisha "do, does, did" kama wimbo. Mwanafunzi anajifunza kuondoa kosa linaloonekana, na anabaki na lile la maana ambalo halionekani.

Kwa vitenzi vya moyoni na vya akilini, kupenda, kujua, kutaka, kuelewa, kazi ni nyepesi, kwa sababu pale "haji" inapogawanyika, "sipendi" haigawanyiki. Sipendi ni "I don't like it", basi. "I'm not liking it" achana nayo. Bado kuna kuchagua kati ya sipendi na sikupenda. Mteja akikutumia picha ya kiroba ukajibu, ni "I don't like it". Yeye akishapika mchele wako, akala, akaona chenga nyingi, atakuandikia "I didn't like it", na hapo ujue anazungumzia ule mzigo uliokwisha, hajasema kwamba mchele wako haupendi moja kwa moja. Muuzaji anayejua tofauti hii anajua bado ana mteja.

Ukishapata kibebeo sahihi, kosa linalofuata karibu kila mara ni kuandika wakati mara mbili: "She didn't came", "He doesn't likes it". Hapa huwa sielezi sana. Namwambia mwanafunzi aniambie kwa Kiswahili "alikuja", halafu akanushe. Anasema hakuja. Namwuliza "-li-" imekwenda wapi? Mbona hujasema "hakulikuja"? Anacheka, kwa sababu hata mtoto mdogo hasemi hivyo. "-ku-" imeingia, "-li-" imetoka, haziwezi kukaa pamoja. "Did" nayo ikiingia, "came" inarudi kuwa "come". "Does" ikichukua ile "s", "likes" inabaki "like". Mwenye Kiswahili tayari ana kanuni hii mdomoni. Hajawahi kuambiwa tu kwamba ni ileile.

Nadhani kinachowachanganya ni "hapendi". Pale Kiswahili kinaweka alama mwanzoni, "ha-", na nyingine mwishoni, "-i". Tumezoea kwamba kukataa kunagusa kitenzi pande zote. Kiingereza kinagusa kibebeo peke yake na kukiacha kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi. Ukitaka mfano wa nyumbani wa kufuata, fuata "hakupenda", ambayo irabu yake ya mwisho haijageuka, usifuate "hapendi".

Kuna hoja nyingine naisikia kwa vijana: kwenye chati watu wanafupisha, na hata wenye lugha yao wanaandika ovyo. Ni kweli wanafupisha. Lakini tazama wanachokata. Mwingereza au Mmarekani akiwa na haraka anaandika "Don't like it". "Didn't come". "Hasn't paid yet". Amekata "I", amekata "she", kibebeo amekiacha. Anayetaka kusema sijui anaandika "dunno", na hata humo "do" na "not" zimo, zimepondwapondwa tu. Hakuna anayekata "do" akaacha "not" inaning'inia mbele ya kitenzi. Kwa hiyo kama haraka ndiyo kisingizio, "Didn't come" ina maneno mawili na "She not come" ina matatu. Alama ya mkato wa juu ukiiacha, ukaandika "didnt", hakuna atakayekosa kukuelewa na mimi sitakusumbua kwa hilo kwenye simu. Kwenye barua ya maombi ya kazi ni mambo mengine.

Katika maswali, kufupisha kwao kuko tofauti, na hapa vijana wana hoja nusu. "You coming?" inaandikwa na watu wanaojua Kiingereza vizuri kabisa. "Want some?" pia. Swali la ndiyo au hapana linaweza kupoteza kibebeo chake na bado likasikika la kirafiki. Kwa hiyo binti akiandika "You want the Kyela one?" namwacha. Sauti ya swali na alama yake zinatosha, kama tunavyofanya sisi: unataka wa Kyela?

Penye neno la kuuliza ndipo penye shida. Sisi neno la kuuliza tunaliacha mahali pake: unataka magunia mangapi, anakuja lini, umelipa kiasi gani. Tukihamisha mpangilio huo tunapata "You want how many bags?", "You paid how much?" Kiingereza kinaijua sentensi hii, lakini kwa kazi nyingine. Ni swali la mtu aliyesikia vibaya au aliyeshtuka. "You paid how much?" ni kama kusema: ati umelipa ngapi?! Mteja amekwambia kiasi alichotuma, wewe kwa nia njema unataka kuhakikisha, na yeye anasoma mshangao, au anasoma kwamba humwamini. Niliwahi kuona meseji ya mteja akijibu "Why, is it not enough?" kwa swali ambalo lilikuwa la kawaida tu. Swali lisilo na mshangao linaleta neno la kuuliza mbele na kibebeo nyuma yake: "How much did you pay?", "How many bags do you want?", "When is she coming?" Hiyo ya mwisho ina "is" yake, haikodi.

Halafu, mwanafunzi akishazoea kuweka "do" kwenye maswali, anaiweka hata isipotakiwa. "Who did call you?" "What did happen?" Hapa kanuni ni nyepesi kuliko inavyofundishwa, na Kiswahili tena kinatusaidia. Jiulize unayemtafuta ni mtendaji au ni mtendwa. Nani alikupigia? Simjui aliyepiga, ndiye namtafuta, ndiye anayetangulia kitenzi. Kiingereza hakigeuzi chochote: "Who called you?" Ulimpigia nani? Hapa mpigaji namjua, ni wewe, namtafuta aliyepigiwa. Kiingereza kinakodi: "Who did you call?" Kwenye biashara ya mizigo mfano mzuri ni "Who took the bags?", nani kachukua magunia, na "Who did you give the bags to?", magunia ulimpa nani. Ya kwanza inamtafuta mwizi au mpokeaji. Ya pili inamtaka dereva ajieleze. Ukizichanganya unaweza kumtuhumu mtu bila kukusudia.

Na "did" ikikaa kwenye sentensi ya kukubali, isiyo na "not" wala swali, nayo inasema kitu. "I sent the money yesterday" ni taarifa. "I did send the money yesterday" ni ubishi: hela nilituma, usiniambie sikutuma. Waandishi wengi wa hapa kwetu wanaandika "I did come", "I did pay", wakidhani ndiyo wakati uliopita wa heshima, na mteja anajiuliza ni lini alisema hukulipa. Kama hakuna anayebisha, iache.

Jambo moja la mwisho, ambalo kwa maoni yangu linagharimu zaidi kuliko yote haya, na karibu halifundishwi. Ni namna ya kujibu swali lenye kukataa ndani yake. Mteja anaandika "You didn't receive the money?" Sisi tunajibu kauli: ndiyo, sijapokea. Ndiyo maana yake ni kwamba usemavyo ni kweli. Kiingereza kinajibu jambo lenyewe, hakijibu kauli ya aliyeuliza. Kama hela haijafika ni "No", hata kama aliyeuliza amekisia sawasawa. Binti akiandika "Yes" peke yake, mteja anasoma: ndiyo, imefika. Anaondoka kwenye foleni ya wakala akijua mambo yamekwisha, na huku mchele haupakiwi kwa sababu hela haijaingia. Kila mmoja anamwona mwenzake tapeli.

Hili halirekebishwi kwa kukariri, kwa sababu "ndiyo" inatoka mdomoni kabla mtu hajafikiri. Nilichomwambia binti ni kwamba kwa swali la namna hiyo asijibu kamwe kwa neno moja. "Yes" au "No" lazima ifuatwe na kibebeo: "No, I didn't" au "Yes, I did". Kibebeo kinamlazimisha achague. Akiandika "Yes, I didn't", ambayo ndiyo ndiyo-sijapokea yetu neno kwa neno, macho yake yenyewe yanashtuka kabla hajabonyeza kutuma, maana "yes" na "not" hazikai kitanda kimoja kwa Kiingereza. Na akiwa hana uhakika kabisa aachane na yote mawili, aandike taarifa kavu: "The money has not come yet." Juzi mteja wa Kasama kamwuliza "Don't you have super this week?" Kajibu: "No, we don't. It comes on Thursday." Mteja akaagiza magunia sita ya Alhamisi.